Askari Anayerudi Gulu: Jinsi ya Kuandika Toba Isiyonunua Msamaha

*Shikamoo mhariri. Naandika riwaya fupi ya sura kumi na mbili. Ojok alitekwa na waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony lililopigana na serikali kaskazini mwa Uganda, akiwa na miaka kumi na miwili, akakaa nao miaka tisa, sasa amerudi Gulu. Jirani yao, Mama Otim, alimpoteza mwanawe katika uvamizi ambao Ojok alikuwemo. Sura ya mwisho Ojok anaomba msamaha, mama analia, anamkumbatia. Wenzangu walioisoma wanasema mwisho umekuja kirahisi, ila hawaniambii nikaze wapi. Nataka Ojok abadilike kweli, lakini sitaki msamaha wa bure. Nianzie wapi?*

Msomaji, Eldoret

Marahaba. Iache kwanza sura ya mwisho. Kasoro wanayoiona wenzako ipo huko nyuma, pale ambapo hujaamua Ojok anadaiwa nini hasa. Umesema "alikuwemo" katika uvamizi. Neno hilo halina deni ndani yake. Watu mia wanaweza kuwemo, na kila mmoja akawa na lake. Deni lisipojulikana, malipo nayo hayajulikani, na ndiyo maana mwandishi hukimbilia machozi: machozi hayana kipimo, kwa hiyo huonekana yametosha.

Basi amua tendo moja. Lifanye dogo, lenye saa na mahali, na liwe na sehemu ambayo hakuna aliyemwamuru. Hapa ndipo hadithi za watoto waliotekwa huwa ngumu, maana karibu kila kitu waliamriwa, na aliyekataa aliuawa mbele ya wenzake. Msomaji anayeijua Uganda ya kaskazini anajua hivyo, na ukimpa Ojok kosa ambalo ni amri tupu, msomaji atamsamehe tangu sura ya kwanza na hadithi itakuwa imekwisha. Ukimpa ukatili wa hiari wa kutisha, hutaweza kumrudisha kwa sura kumi na mbili. Unahitaji kitu cha katikati, kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukiita amri wala hawezi kukiita uamuzi huru.

Tujaribu hivi. Ojok alitekwa mwaka 1996, akarudi mwaka 2005. Uvamizi wa kambi ya wakimbizi wa ndani tuuweke mwaka 2004. Otim na wenzake saba wanachukuliwa kubeba magunia ya maharage na unga, wamefungwa kamba moja kiunoni, kama waasi walivyozoea kufanya. Usiku wa pili, karibu na mto Aswa, zamu ya ulinzi ni ya Ojok. Anamwona Otim, mtoto wa jirani aliyecheza naye, akilegeza fundo. Otim anamtazama, hasemi kitu. Ojok anapiga kelele. Asubuhi mtu mwingine anatumwa kumuua Otim, na Ojok anaona mwili ulipoachwa, chini ya mti wa shea, hatua chache kutoka kivukoni.

Hakumuua. Hakuna aliyemwambia apige kelele wakati ule. Angenyamaza na Otim akatoroka, huenda yeye ndiye angeuawa asubuhi. Yote matatu ni kweli kwa pamoja, na riwaya nzima inaweza kusimama juu yake. Tena sasa Ojok anacho kitu ambacho Mama Otim anakihitaji na hana mahali pengine pa kukipata: anajua mwanawe yuko wapi. Hilo ndilo deni. Linaweza kulipwa au kufichwa, na wewe unaweza kuliandika kwa vitendo.

Usimwogope msomaji atakayesema mtoto aliyetekwa hana hatia. Kesi ya Dominic Ongwen ilipita katika swali hilohilo. Alitekwa na LRA akiwa na miaka tisa hivi, akapanda hadi kuwa kamanda wao. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Februari 2021, na Mei mwaka huohuo ikampa miaka 25. Utoto wake wa kutekwa ulizingatiwa katika kupunguza adhabu, lakini haukufuta hatia. Ojok si kamanda na hadithi yako si ya mahakamani, ila mpangilio huo wa fikra utakusaidia: utekwaji wake unabadilisha uzito wa deni, hauliondoi. Mwandishi akiutumia kuliondoa, Mama Otim anabaki na mtoto aliyekufa bila mtu yeyote wa kumuuliza.

Sasa tuje kwenye kurudi kwenyewe, kwa sababu hapo umeacha mali nyingi chini. Sheria ya Msamaha ya Uganda ilipitishwa mwaka 2000. Aliyetoka msituni alijisalimisha kwa jeshi, polisi, kiongozi wa serikali za mitaa au wa dini, akakabidhi silaha kama anayo, akatamka kuuacha uasi, kisha akapewa cheti. Angalia kisichokuwemo: sheria haikumtaka aeleze alichofanya. Wala haikumtaka aende kwa mtu yeyote aliyemdhuru. Pamoja na cheti kulikuwa na kifurushi cha kuanzia maisha: shilingi 263,000 za Uganda, godoro, blanketi, sufuria, jembe, mbegu.

Weka godoro hilo kwenye sura ya kwanza. Ojok anashuka kwenye gari, godoro jipya limekunjwa begani, bado lina nailoni yake, na anapita nalo mbele ya nyumba ya Mama Otim, ambaye amelala kwenye mkeka kambini tangu alipokimbia kijiji chake. Aliyepotezewa mwana hakupewa godoro. Malalamiko hayo yalikuwa halisi katika kambi na miji ya Waacholi, watu wa huko kaskazini, na yanakupa chuki ambayo haihitaji maelezo hata kidogo. Pia yanakuzuia kufanya kosa la kuonyesha hasira ya mama kama ugumu wa moyo. Ana haki ya kukasirika hata kabla hajajua habari ya kamba.

Kuna na mila, na hapa nakuomba uwe mwangalifu sana, kwani waandishi wengi huchanganya mambo mawili. Nyono tong gweno ni kukanyaga yai. Anayerudi nyumbani baada ya kukaa mbali anakanyaga yai bichi lililowekwa pamoja na tawi la mti wa opobo na layibi, ule mti wa kufungulia ghala. Yai linavunjika, anaingia. Ni kupokewa nyumbani na kuondolewa alichokibeba huko nje. Miaka ile ya vita vikundi vikubwa vya waliorudi vilifanyiwa kwa pamoja. Hakuna aliyedhulumiwa anayesamehe chochote hapo. Ukiandika kwamba Ojok amekanyaga yai na mji umemsamehe, umewasemea watu ambao hawakufungua mdomo.

Mato oput ni kitu kingine. Inahusu mauaji kati ya koo mbili zinazojulikana. Tangu damu imwagike, koo hizo hazili pamoja wala haziozani. Kunakuwa na msuluhishi, maneno yanapelekwa na kurudishwa, wakati mwingine kwa miaka. Upande uliokosa unatakiwa kukiri na kueleza, kisha ukoo mzima unachanga fidia. Mwisho kabisa ndipo pande mbili zinakunywa kutoka kibuyu kimoja pombe iliyochanganywa na mzizi mchungu wa oput. Kunywa ni dakika chache. Kazi yote iko kabla yake, na mwandishi anayeandika kibuyu bila miaka iliyotangulia ameandika onyesho la watalii.

Mila hiyo ina mipaka ambayo riwaya yako inaweza kuishi ndani yake. Wengi waliorudi hawakuwajua watu ambao wao wenyewe waliwadhuru, kwa hiyo hapakuwa na ukoo wa kuendea. Ojok anamjua, kwa hiyo njia ipo, lakini njia hiyo ina bei, na bei hailipwi na yeye peke yake. Fidia ni ya ukoo. Ng'ombe wa Waacholi waliporwa kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na waliobaki waliliwa na vita. Wajomba na baba wadogo watauliza, na wana haki ya kuuliza: mtoto wetu aliibwa, tukamlilia miaka tisa, leo tuuze shamba kwa sababu alipiga kelele? Hapo Ojok anagundua kwamba kusema kweli kutawatoza watu wasio na kosa. Andika kikao hicho kwa utulivu, mpe kila mzee hoja nzuri. Halafu kiache bila kuamuliwa hadi mwisho wa kitabu. Mato oput iliyoanza na haijaisha ni ya kweli kuliko iliyokamilika sura ya kumi na mbili.

Nikiangalia mpangilio wako wa sura, maungamo yako sura ya kumi na mbili. Yahamishe hadi ya saba. Sababu ni ya kiufundi. Ungamo likiwa mwisho, kitabu chote kinamngoja Ojok apate ujasiri, na msomaji anampongeza kwa kusema tu. Likiwa katikati, swali linakuwa jingine: amesema, amekataliwa, sasa atakuwa mtu wa namna gani siku inayofuata, na ile ya baada yake? Mabadiliko unayoyataka yanaonekana huko. Sura moja hadi tatu ni kurudi na kificho. Nne hadi sita ni shinikizo linalofanya kificho kimshinde. Saba ni kusema. Nane ni "hapana". Tisa hadi kumi na mbili ni maisha ndani ya ile "hapana". Theluthi nzima ya kitabu baada ya kukataliwa. Ukiifupisha hiyo, hata kwa kurasa kumi, msomaji ataanza tena kusubiri kumbatio.

Shinikizo la sura nne hadi sita usilitengeneze kwa ndoto za usiku. Ndoto hazimlazimishi mtu kutenda. Historia yenyewe imekupa kitu bora. Agosti 2006 serikali na waasi walitia saini kusitisha mapigano kule Juba, na miaka iliyofuata watu walitoka kambini kurudi kwenye ardhi zao. Familia nyingi zilifukua wafu wao waliozikwa kambini na kuwazika upya nyumbani, karibu na boma. Mama Otim anarudi kijijini, anasafisha uwanja, na kila familia jirani inarudi na mifupa yake. Yeye hana cha kurudi nacho. Anaanza kuuliza kila aliyetoka msituni: mlimpitisha wapi? Anamuuliza na Ojok, kwa upole, kwa sababu hajui. Ojok anajibu kwamba hakumbuki. Jibu hilo ni kosa jipya, amelifanya akiwa mtu mzima, huru, ana cheti mfukoni. Hili hakuna kamanda wa kulibeba. Kwangu mimi ndilo kosa zito zaidi la kitabu, na ungefanya vema ulitengee sura yake.

Halafu mpe sababu ya kweli ya kunyamaza. Yule aliyetumwa kumuua Otim naye amerudi. Alikuwa na miaka kumi na mitano siku ile. Sasa anaendesha bodaboda stendi ya Gulu, ana mke na mtoto mchanga, na mke hajui. Anamwambia Ojok: ukisema mahali, watauliza nani. Ojok hawezi kulipa deni lake bila kuhatarisha nyumba ya mtu mwingine. Acha afanye uamuzi mbaya kwanza, yaani anyamaze. Kisha aende kumwambia mwenzake kwamba atasema, ampe muda wa kumweleza mkewe, na mwenzake amchukie kwa hilo hadi mwisho. Ukimfanya mwenzake amwelewe, umempa Ojok punguzo.

Sasa onyesho lenyewe la sura ya saba. Kuna jambo dogo la kutumia tangu mwanzo: anaitwa Mama Otim. Ojok hawezi hata kumwamkia bila kulitamka jina la aliyekufa. Mwonyeshe katika sura za mwanzo akikwepa, akimsalimu kwa "shikamoo mama" tu na kupita, hadi watu wakaona hana adabu. Siku ya kusema, ndiyo siku ya kwanza analitamka.

Katika rasimu za namna hii ungamo huja hivi:

"Mama, nisamehe. Nilikuwa mtoto. Walinilazimisha. Kila usiku namwona Otim."

Soma sentensi moja moja, uone kila moja inaomba nini. Ya kwanza inaomba msamaha kabla hajui anachosamehe. Ya pili na ya tatu zinaomba apunguziwe. Ya nne inamwomba mama wa marehemu amhurumie yeye. Mama hajapewa kitu hata kimoja, ameombwa mara nne. Msomaji huenda asitambue kwa nini anakereka, lakini atakereka.

Geuza uzito. Ojok aseme sentensi mbili: yuko wapi, na mimi nilifanya nini. Baada ya hapo maswali yawe ya mama, na majibu ya Ojok yawe mafupi:

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati la shule. Kifungo cha juu hakikuwepo."

"Viatu?"

"Hakuwa navyo. Wote walivuliwa siku ya kwanza."

"Nani aliwavua?"

"Mimi niliviokota."

"Fundo alikuwa amelifungua?"

"Upande mmoja."

"Nani alikuambia upige kelele?"

"Hakuna."

Mama Otim akanyanyuka, akaanza kuingiza kuku ndani, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Neno "nisamehe" halimo. Mama anauliza mambo ambayo mama yeyote angeuliza, na anajua jibu la kifungo, kwani yeye ndiye hakukishona. Hata hilo usilieleze. Liweke sura ya pili, sindano na uzi vikisubiri kwenye kopo, basi. Ojok naye anajibu kuhusu viatu jambo ambalo hakuulizwa kwa undani na ambalo linamzidishia hatia. Hiyo ndiyo alama ya ungamo la kweli katika maandishi: maelezo yanayomuumiza msemaji yanatoka bila kuvutwa, na yanayomtetea yanabaki tumboni. Kutekwa kwake msomaji anakujua tayari. Ojok hahitaji kukutaja.

Sura ya nane ni ya Mama Otim, na ningependa uiandike kutoka upande wake. Katika rasimu nyingi aliyedhulumiwa hana shughuli nyingine duniani zaidi ya kusamehe au kukataa. Mpe shughuli. Mpe ufuta wa kuvuna, binti anayedaiwa ada, mguu unaomsumbua, mgogoro wa mpaka wa shamba na shemeji, maana watu waliporudi kutoka kambini mipaka ya ardhi ilikuwa imepotea na ugomvi ulikuwa mwingi. Aamue kuhusu Ojok katikati ya hayo. Na mwonyeshe akisukumwa. Katekista atamwambia Kristo alisamehe. Mzee wa ukoo atamwambia kinyongo kinaharibu mji. Mfanyakazi wa shirika atamwalika kwenye warsha ya maridhiano, na soda itakuwepo. Wote wana nia njema, na wote wanamwongezea mzigo, kwa sababu wanamfanya yeye ndiye tatizo linalosubiri kutatuliwa. Akisema hapana katika mazingira hayo, msomaji ataiheshimu hapana yake. Isiwe ya kelele. Inaweza kuwa sharti tu: "Utanionyesha mahali. Baada ya hapo usije kwangu."

Usimpe vilevile mji sauti moja. Dada yake Otim anaweza kutaka Ojok apigwe. Kijana mwingine aliyerudi kutoka msituni atataka asamehewe haraka, kwa sababu likimwendea vibaya Ojok na yeye yumo. Majirani watasikia Ojok akipiga kelele usiku na kusema ana cen, roho ya aliyeuawa inamfuata, na watataka afanyiwe tambiko. Litumie, ni imani iliyo hai kule. Lakini lisigeuke malipo. Mateso ya Ojok hayamletei Mama Otim mfupa hata mmoja.

Baada ya kukataliwa kuna mitego mitatu ambayo waandishi huingia kwa kishindo. Wa kwanza ni uokoaji: nyumba ya Mama Otim inawaka moto, au binti yake anakaribia kuzama, na Ojok anajitosa. Hii inakwenda vibaya kwa sababu inamlazimisha mama. Mtu akikuokolea mtoto huna tena nafasi ya kumkatalia, na ajali imefanya kazi ambayo Ojok alipaswa kuifanya. Wa pili ni kifo chake, ambacho kinafuta deni bila kulilipa. Wa tatu ni wa siri zaidi, nao ni utumishi usiotakiwa. Ojok anaamka alfajiri kumlimia Mama Otim shamba kwa lile jembe la msamaha. Inapendeza kuiandika. Lakini mama alisema asije. Kila tuta analolilima ni kumwambia kwamba hapana yake haikusikika. Ukitaka kuitumia, itumie kama kosa: analima siku mbili, mama anamtuma binti kumwambia atoke, na Ojok anajifunza kwamba kutii ndiyo kazi aliyopewa. Kukaa mbali hakuonekani kishujaa, na ndiyo maana kunafaa.

Sasa nguvu zake ziende wapi? Rudi kwenye ile kamba. Ilikuwa na watu wanane. Otim mmoja, wamebaki saba, na Ojok anajua kilichowapata baadhi yao. Sura ya tisa na ya kumi aende nyumba kwa nyumba, awatafute jamaa zao, wengine wamehamia Kitgum, wengine hawajulikani walipo. Hapa utapata majibu tofauti bila kuyapanga kwa usawa. Baba mmoja anampiga hadi majirani wanaingilia. Bibi mmoja anamshukuru, anampa uji, na uji huo unamshinda kumeza kuliko kipigo. Mmoja anakataa kuamini, anasisitiza mwanawe yuko Sudan na atarudi. Ojok anatamani kumkubalia. Hamkubalii, wala hambishii zaidi ya mara moja. Ukifanya hivi, msamaha wa Mama Otim unaacha kuwa mlango pekee wa kitabu, na wewe unaacha kuusukuma.

Jambo la kimaadili upande wako wewe mwandishi. Vijiji kama Lukodi, kilichovamiwa tarehe 19 Mei 2004 na zaidi ya watu sitini wakauawa, vina kumbukumbu ya kila mwaka, na jamaa za marehemu wapo. Usimweke Ojok katika uvamizi halisi wenye majina ya watu halisi. Buni kambi yako, ipe jina ambalo halipo, iweke umbali wa saa chache kwa baiskeli kutoka Gulu, na chagua mwezi ambao haugongani na mauaji yanayojulikana. Siku ya kumbukumbu unaweza kuibuni hivyohivyo, na itakupa onyesho zuri: watu wamekusanyika, majina yanasomwa, Ojok anasimama wapi? Akiingia, ni ufidhuli. Asipofika, ni woga.

Mwisho sasa. Sura ya kumi na mbili iwe safari ya kumtafuta Otim. Mama Otim, kaka yake, mzee mmoja wa ukoo na Ojok, wanatembea hadi kivukoni. Ojok anatangulia kwa sababu hakuna mwingine anayejua njia. Mvua za miaka mitano zimebadilisha ukingo, na mti wa shea umekatwa kwa mkaa. Anakosea mara ya kwanza, wanachimba bure, kaka anaanza kumshuku. Mpe kosa hilo, litamfanya msomaji aogope kwamba hata hiki kidogo atashindwa kukitoa. Wakipata, watambue kwa kitu cha kushikika, na si lazima kiwe kifungo. Ni rahisi mno. Kisha Mama Otim amwambie Ojok akawasubiri barabarani. Maziko yanafanyika nyumbani bila yeye. Mazungumzo ya wazee kuhusu fidia yanaendelea. Ukoo wa Ojok umetoa mbuzi wawili wa kuanzia, na upande wa pili haujasema kama unawapokea.

Ojok amebadilika? Ndiyo, na msomaji ataliona bila kuambiwa. Aliyesema "sikumbuki" sura ya tano sasa anasema asichoulizwa. Aliyelima shamba la watu bila ruhusa sasa anakaa barabarani alipoambiwa akae. Hajapata alichokitaka. Mama Otim naye amepata sehemu tu ya alichodaiwa, na amebaki huru kusamehe mwakani au kutosamehe kamwe.

Ukimaliza kuandika upya, fanya ukaguzi huu kabla hujawapa wenzako. Tafuta kila mahali palipo na "samehe" na aina zake, uandike pembeni nani amesema na nani amemwambia. Katika rasimu nzuri ya hadithi hii, neno hilo hutamkwa mara nyingi na wasiodai kitu: katekista, mzee, mtu wa shirika. Mama Otim asilitamke zaidi ya mara moja. Ojok, ikiwezekana, asilitamke kabisa. Halafu mfunike Ojok kwa mkono, usome maonyesho ya Mama Otim peke yake kwa mfululizo. Yakiwa ni kisa chenye mwanzo na mwendo, na mgogoro wa shamba umefika mahali, na binti ameenda au hakuenda shule, uko sawa. Yakiwa ni mwanamke anayesubiri kuombwa radhi, rudi sura ya pili umpe kazi.

Nitumie sura ya saba na ya nane kwanza. Nyingine zitajipanga kufuata hizo.